Kitambaa kimezidi bajeti, mashati nayo yamezidi: meneja anadaiwa nini?

Meneja wa uzalishaji katika kiwanda cha sare za shule eneo la Chang'ombe alikuta barua mezani. Idara yake ilitengewa Sh60 milioni za kitambaa kwa msimu wa kuelekea Januari, ikatumia Sh72.54 milioni. Ajieleze ndani ya siku saba. Kisa hiki tunakitumia kwenye mafunzo yetu ya wahasibu hapa Dar es Salaam, na namba zake nimezirahisisha kidogo ili zifuatike.

Barua ilinyamazia jambo moja. Zile Sh60 milioni zilikuwa za mashati 10,000, kila shati mita moja na nusu, kila mita Sh4,000. Idara ilishona mashati 12,000. Aliyeandika barua alilinganisha gharama ya mashati 12,000 na bajeti ya mashati 10,000, sawa na kumlaumu mama lishe kwa kupika mchele mwingi bila kuuliza wateja walikuwa wangapi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuipiga bajeti upya kwa idadi iliyotoka kweli. Shati moja linaruhusiwa kitambaa cha Sh6,000, hivyo mashati 12,000 yanaruhusiwa Sh72 milioni. Katika ile Sh12.54 milioni iliyozua barua, Sh12 milioni ni ya mashati ya ziada tu. Kinachohitaji maelezo ni Sh540,000.

Wengi huishia hapo wakifurahi, na hapo ndipo wanapokosea. Sh540,000 ni ndogo, lakini inaweza kuficha mambo mawili makubwa yanayovutana.

Vitabu vya stoo vilionyesha kwamba mita 18,600 zilitumika, na kila mita ilinunuliwa kwa Sh3,900. Upande wa bei, kiwanda kiliokoa Sh100 kwa kila mita, jumla Sh1.86 milioni. Upande wa matumizi, mashati 12,000 yalipaswa kula mita 18,000. Zimezidi mita 600. Mita hizo tunazithamini kwa Sh4,000 ya bajeti, wala si Sh3,900, ili chumba cha kukatia kisibebe wala kisifaidi bei ambayo hakikuipanga. Hasara ni Sh2.4 milioni. Toa Sh1.86 milioni iliyookolewa, inabaki ileile Sh540,000.

Sasa picha imegeuka. Afisa manunuzi anastahili pongezi na wakataji wanastahili karipio, au sivyo? Mhasibu akishuka stoo na futi ya fundi cherehani, mambo yanaweza kuwa mengine. Majora ya zamani yalikuwa na upana wa inchi 60. Haya ya bei nafuu yalikuwa na inchi 58. Inchi mbili huonekana si kitu, lakini patani za shati hupangwa kwa upana, na upana ukipungua lazima urefu uongezeke. Chukua mita 18,000, zidisha kwa 60, gawanya kwa 58: unapata takriban mita 18,620. Ni makadirio, kwa sababu mpangilio wa patani haubadiliki sawasawa na upana, lakini yanatosha kuonyesha kwamba wakataji hawakuchezea kitambaa. Kiwanda kiliokoa Sh1.86 milioni dukani kikapoteza Sh2.4 milioni mezani pa kukatia, na kwenye karatasi hasara hiyo ikaandikwa jina la meneja wa uzalishaji.

Kabla ya kumsafisha kabisa, hesabuni mashati yenyewe. Hesabu yote hii inadai kwamba 12,000 ni mashati yaliyopita ukaguzi. Kama 400 yalikataliwa kwa kola zilizopinda, yanayohesabika ni 11,600, na kitambaa kinachoruhusiwa ni mita 17,400. Ziada inaruka kutoka mita 600 hadi 1,200, yaani Sh4.8 milioni, na upana wa jora hauwezi tena kuieleza yote. Binafsi idadi ya mashati yaliyopita ukaguzi ndiyo namba ninayoidai kwanza, kwa sababu ndiyo rahisi kuipamba.

Halafu kuna yale mashati 2,000 ya nyongeza. Kupiga bajeti upya hakusemi kama yalikuwa na mnunuzi. Yakibaki stoo yakiwa na nembo ya shule kifuani, hakuna shule nyingine itakayoyachukua, na kitambaa cha Sh12 milioni kimelala humo. Swali hilo ni la aliyeamuru yashonwe. Katika faili la meneja wetu kulikuwa na oda ya nyongeza iliyosainiwa na idara ya mauzo. Kwenye jibu lake la kwanza alisahau kuiambatanisha.