Asilimia 24 hii si sawa na asilimia 24 ile

Fundi cherehani mmoja alinijia ofisini na karatasi mbili. Alitaka shilingi 1,200,000 za kununua mashine, arejeshe kwa mwaka mmoja. Wakopeshaji wawili walikuwa wamemwandikia riba ya asilimia 24 kwa mwaka, naye akaniuliza achague yupi, maana aliona ni mamoja.

Wa kwanza anatoza riba ya flati. Anachukua asilimia 24 ya mkopo wote, yaani 288,000, anajumlisha na mkopo, kisha anagawa kwa miezi 12. Kila mwezi fundi atalipa 124,000: laki moja ya mkopo na 24,000 ya riba.

Wa pili anatoza riba kwenye salio, yaani deni lililobaki. Asilimia 24 kwa mwaka ni asilimia 2 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza fundi anadaiwa zote 1,200,000, hivyo riba ni 24,000, sawasawa na kule kwa flati. Akishapunguza laki moja, riba ya mwezi wa pili inakuwa 22,000, wa tatu 20,000, hadi mwezi wa mwisho 2,000. Jumla ni 156,000.

Tofauti ni 132,000. Utazame ule mwezi wa 12: fundi amebakiwa na deni la laki moja tu, lakini mwenye flati bado anamtoza 24,000, kana kwamba ile milioni na laki mbili ingali mikononi mwake. Karibu yote alikwisha kuirudisha, na bado anailipia. Hilo ndilo linaloniuma kila ninapoona mkopaji ametia saini bila kuelezwa.

Marejesho yanayolingana kila mwezi hayatoshi kukuonyesha kuwa ni flati, kwa sababu hata riba ya salio hupangwa hivyo. Kwa mkopo huu ingekuwa kama 113,500 kwa mwezi. Omba ratiba ya marejesho kabla ya kusaini, uangalie safu ya riba peke yake. Ikishuka mwezi hadi mwezi, ni ya salio. Ikisimama palepale, ni flati. Usipopewa ratiba, zidisha rejesho la mwezi kwa idadi ya miezi, toa mkopo uliochukua, uone riba yote ni shilingi ngapi.

Uliza pia itakuwaje ukimaliza mapema. Fundi akilipa deni lote baada ya miezi sita, kwenye salio anadaiwa 600,000 na riba inakoma. Kwenye flati, mkataba usipotoa nafuu, anaweza kudaiwa na 144,000 za riba ya miezi ambayo hakukaa na fedha.

Kwa hiyo hata tangazo la asilimia 15 ya flati, linalovutia kwa udogo wake, lingemtoza fundi huyu 180,000. Asilimia 24 ya salio ni nafuu kuliko hiyo.