Kujulikana sana hakufanye sura ikuwe kitambulisho

Hapa Goma watu wengi wananiambia hivi: mutu wa kawaida ndiye programu ya kutambua sura inaweza kumukosea, lakini depite ao muimbaji mwenye foto zake ziko kila fasi, utamukosea namna gani? Kumbe hiyo ilisha kujaribiwa.

Mwaka 2018 shirika la Amerika la kutetea haki, ACLU, lilichukua foto za wabunge wote 535 wa kule, likazilinganisha na foto 25,000 za watu waliowahi kukamatwa, kwa kutumia Rekognition, programu ya Amazon. Wabunge 28 wakatoka kama vile ndio wale waliokamatwa, na mumoja wao ni John Lewis, mutu aliyejulikana tangu alipoandamana na Martin Luther King. Umaarufu wake haukumusaidia kitu. Na wale wasio wazungu ndio walikosewa kupita wengine, ukilinganisha na hesabu yao mu bunge. Amazon ikajibu kwamba kipimo cha kufanana, ni kusema sura zifanane kiasi gani ndio programu itoe jina, kiliachwa kwa 80%, na kwa kazi ya polisi kilipaswa kuwa 99%. Sawa, lakini 80% ndiyo programu ilikuja nayo, na wengi hawagusi kipimo hata siku moja.

Shida inatoka wapi? Programu haijui jina la mutu, inageuza sura kuwa namba halafu inatafuta namba iliyo karibu nayo mu foto ilizopewa, na karibu si sawasawa. Wabunge 535 mara foto 25,000 ni kulinganisha zaidi ya milioni 13, kwa hiyo hata ikikosea mara chache sana, bado kuna watu wanaangukiwa.

Sasa igeuze. Tuseme mutu anauzisha makala pale soko Virunga, hajaweka foto yake popote, halafu mutu anamupiga foto na kuiingiza mu programu yenye imejaa sura za wakubwa tu. Yeye mwenyewe hamo mule, kwa hiyo kama kipimo kiko chini haitasema "simujui", itatoa mukubwa anayemufanana kidogo. Mangaribi foto inazunguka mu WhatsApp na jina la minisitri, na mu muji wetu wa leo jina la bure vile linaweza kukuletea watu mulangoni!

Ndio maana tukiandika maelezo ya foto, mutu anayejulikana tunamutaja kwa vitu vyenye viko pembeni ya sura: jina lililoandikwa mbele yake kwenye meza, namba ya maillo na mechi gani, maelezo ya mupiga foto yenye tarehe na fasi. Ziba uso kwa kidole: kama bado unaweza kusema ni nani, taja. Kama haiwezekani, andika tu "mwanaume mumoja sokoni", na kama ni raia wa kawaida asiyejitangaza, hata ukimujua usitoe jina lake bila ruhusa. Foto ikikufikia bila maelezo, tafuta ile ya kwanza kabisa kuwekwa, mara nyingi ni ya mwaka mwingine na ya muji mwingine.