Setilaiti na namba ya gari lako

"Setilaiti inasoma hadi namba ya gari lako, wajulishe wenzako."

Tunaomba ujumbe huu usisambazwe tena. Katika picha za setilaiti zenye ubora wa juu zinazouzwa, pikseli moja, yaani nukta moja ya picha, kwa kawaida hufunika mraba wa takriban sentimita 30, na rangi zote zilizomo huchanganywa kuwa moja. Kibao cha namba chenye urefu wa sentimita 52 na kimo cha 11 hakifikii pikseli mbili kwa urefu, na kimo chake ni theluthi tu ya pikseli. Tena kimesimama wima, ilhali kamera hutazama kutoka juu.

Mkanganyiko hutokana na ramani za simu, ambazo huchanganya humo humo picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege, ambazo pikseli zake hufunika eneo dogo zaidi. Fungua ramani, kuza gari lililoegeshwa: utaona umbo na rangi, kisha ukungu.