Mswada wa Tangazo si Kipeperushi Kilichosomwa kwa Sauti

Mwenye kituo kimoja cha tuisheni ya nyumbani alinitumia ukurasa mzima wa maandishi na kuniambia kwamba mswada wa tangazo lake tayari upo, kwa hiyo kazi iliyobaki ni kutafuta mtu mwenye sauti nzuri wa kuusoma. Ukurasa ule ulikuwa na jina la kituo kwa herufi kubwa, orodha ya masomo, saa za vipindi, namba mbili za simu na mstari wa mwisho uliosema kwamba matokeo bora ni uhakika. Sina ugomvi na ukurasa wenyewe. Ugomvi wangu ni na jina aliloupa, kwa sababu si mara ya kwanza kupokea kipeperushi kinachoitwa mswada, na kila mara kosa hilo la jina humgharimu mtu fedha za studio.

Kwa ufupi, mswada wa tangazo ni maandishi yanayoeleza nini kitasikika, nani atakisema, kwa mpangilio upi na kwa muda gani, kabla ya tangazo lenyewe kurekodiwa. Kama tangazo ni la video, ukurasa hugawanywa safu mbili, upande mmoja kinachoonekana na upande wa pili kinachosikika, na kila tukio la upande huu hukaa mkabala na mwenzake wa upande ule. Kama ni la redio au la sauti tupu, majina ya wasemaji hutangulia maneno yao, na milio na vimya huandikwa katika mistari yao wenyewe. Maana yake inaishia hapo.

Jambo linalostahili kukaliwa zaidi ni neno mswada lenyewe, ambalo wengine huandika muswada na ambalo watu wengi hulisikia bungeni kuliko mahali pengine popote. Limetoka katika Kiarabu, kwenye mzizi wa weusi, mzizi uleule uliozaa neno aswad, yaani cheusi, na hata jina la nchi ya Sudan. Musawwada ni karatasi iliyotiwa weusi: imeandikwa, ikakatwa, ikaandikiwa juu ya mstari na pembeni, mpaka wino ukaizidi karatasi. Waarabu walikuwa na neno la pili lililokwenda sambamba nalo, mubayyadha, kutoka mzizi wa weupe, yaani nakala safi iliyoandikwa upya baada ya masahihisho kwisha. Kiswahili kilichukua lile la weusi na kuliacha la weupe, na nadhani hasara ndogo ilitokea hapo, kwa kuwa sasa tunaita mswada kitu chochote kilichopigwa chapa, hata ambacho hakijawahi kuguswa na kalamu ya pili. Ukurasa niliotumiwa ulikuwa mweupe kabisa. Hakuna aliyekuwa ameusoma kwa sauti hata mara moja, na hilo lilijulikana tangu sentensi ya kwanza:

«Kituo chetu kinatoa huduma bora za masomo ya ziada kwa wanafunzi wa madarasa yote ya sekondari katika masomo ya Hisabati, Fizikia, Kemia, Bayolojia na Kiingereza, kwa kutumia walimu wenye uzoefu wa miaka mingi na mbinu za kisasa.»

Kwa jicho, sentensi hii haina tatizo kubwa. Mzazi aliyeshika kipeperushi huruka moja kwa moja hadi neno Hisabati kama hilo ndilo linalomsumbua, kisha hurudi nyuma kutafuta saa za vipindi. Sikio halina uwezo wa kuruka wala wa kurudi. Linapokea neno baada ya neno kwa mwendo wa msemaji, na likifika kwenye Kemia limekwisha kusahau kituo kilikuwa kinatoa nini. Zaidi ya hayo, sentensi hiyo moja ina silabi 95. Kiswahili kinatupa urahisi mkubwa wa kuhesabu, kwa sababu karibu kila irabu ni silabi, ukiongeza ile m inayosimama peke yake kama katika mtu au mmoja. Kwa msomaji anayesema kwa utulivu mimi hukadiria silabi 5 kwa sekunde. Sentensi ya kwanza ya kipeperushi ingekula sekunde 19 kati ya 30 zilizolipiwa, na bado mzazi asingekuwa ameambiwa jambo lolote ambalo kituo cha jirani hakisemi.

Kuhesabu kwa maneno hakufai sana katika lugha yetu, maana «na» ni neno na «tunakuandikia» ni neno. Anayenakili kanuni ya lugha nyingine, kwamba sekunde 30 ni maneno 75, atajikuta na msomaji anayekimbia hadi pumzi inamwishia.

Basi nilianza kwa kupanga muda kabla ya kuandika. Kati ya sekunde 30, nilitenga 2 za mlio wa kufungulia, 1 ya kimya na 6 za namba ya simu. Hizo 6 humshangaza kila mteja. Katika kipeperushi namba ya tarakimu 10 huchukua nafasi ndogo kuliko nembo, lakini masikioni lazima isomwe kwa mafungu, tarakimu chache kisha pumzi, la sivyo hakuna atakayeishika. Namba mbili, kama alivyotaka mwenye kituo, zingekula sekunde 12, na mzazi angebaki na nusu ya kila moja. Nilibakiza namba moja, na sekunde 21 za maneno, yaani silabi zipatazo 105.

Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na silabi 132, na ndani yake kulikuwa na sentensi niliyoipenda: «Mwalimu wetu huketi na mwanao peke yake.» Nilimsomea mama mmoja ninayemfahamu, mwenye binti wa sekondari, naye kabla sijamaliza akauliza, «Peke yake wapi, na mlango umefungwa?» Nilikuwa nikimaanisha kwamba mwanafunzi hachanganywi na wenzake arobaini. Yeye alisikia binti yake akiwa chumbani na mtu mzima asiyemjua. Katika maandishi ningeweza kuweka maelezo ya chini ya mstari, ila kwa sauti hakuna mahali pa kuyaweka, kwa hiyo sentensi ikakatwa na nafasi yake ikachukuliwa na nyingine inayomwonyesha mzazi mahali penyewe.

Baada ya kukata silabi 26, mswada ulisomeka hivi:

MLIO: Karatasi inakunjuliwa.

MAMA: Thelathini na nane?

KIJANA: Ni aljebra, mama. Nilipotea tangu mwanzo.

KIMYA: Sekunde 1.

MSOMAJI: Aliyepotea mwanzoni anahitaji wa kurudi naye hapo hapo. Mwalimu mmoja, mwanafunzi mmoja, mezani kwenu. Kila mwezi tunakuandikia alichoelewa na kilichobaki. Tupigie simu ukiwa na karatasi yake ya mwisho.

MSOMAJI: Namba ya simu, mara moja, kwa mafungu.

Mwenye kituo aliuliza orodha ya masomo imekwenda wapi. Imebaki katika kipeperushi, mahali pake. Neno aljebra peke yake linatosha kumwambia mzazi kwamba hapa pana watu wanaojua mtoto hukwama mahali mahususi, na mzazi ambaye shida yake ni Kemia atapiga simu aulize. Mara ngapi kwa wiki nalo lilikuwamo katika rasimu, nikalikata, kwa kuwa hilo hupangwa na mtu kwenye simu. Barua ya kila mwezi niliigombania, kwa sababu anayelipa ndiye asiyekuwapo mezani, na swali lake la siri ni kama fedha zake zinafanya kazi. Hapo ndipo tangazo la tuisheni linapotofautiana na matangazo mengine mengi: mnunuzi ni mmoja na mtumiaji ni mwingine.

Tofauti hiyo inaleta sharti jingine ambalo kipeperushi hakina. Kipeperushi husomwa na mzazi peke yake, ilhali tangazo la sauti linaweza kumkuta sebuleni au garini, kijana akiwa kando yake. Maneno kama «mwanao anakuaibisha?» au «umechoka na mtoto asiyejali?» ambayo niliwahi kuletewa na mteja mwingine, yanamfikia kijana kwa sekunde ileile yanapomfikia mzazi, na jioni hiyo hakuna mwalimu atakayepokewa vizuri katika nyumba hiyo. Ndiyo maana kijana wetu amepewa mstari wake, tena mstari wa kukiri alipokwama badala ya kujitetea. Mama naye anauliza tu kuhusu zile alama thelathini na nane. Msomaji wa sehemu hiyo nilimwandikia maelekezo: asikasirike, asome kama anayedhani ameona vibaya.

Kuhusu ule mstari wa «matokeo bora ni uhakika», niliuondoa bila majadiliano marefu. Hakuna mwalimu anayeshika kalamu ya mwanafunzi ndani ya chumba cha mtihani, na ahadi isiyoweza kuthibitishwa humrudia aliyeitoa siku matokeo yatakapotoka. Ahadi ya barua ya kila mwezi inathibitika: mwezi ukiisha, barua ama imefika ama haikufika. Nilimuuliza mwenye kituo kama kweli walimu wake huandika barua hizo, akasema huandika, akanionyesha tatu. Kama angesita, sentensi hiyo nayo ingekatwa.

Kwa hiyo ukiletewa ukurasa unaoitwa mswada, shika saa na umwombe aliyeuleta ausome kwa sauti, msimame, bila kukimbia. Akiishiwa pumzi, au akifika mahali pa mabano na asijue ayasome vipi, mweleze kwa upole kwamba alichonacho ni maandishi ya kipeperushi, na huenda ni mazuri sana kwa kazi hiyo. Cha mwenye kituo kilichapishwa kama kilivyokuwa, isipokuwa ule mstari wa uhakika, na sikuona sababu ya kugusa kingine. Siku mbili baadaye aliniandikia akiomba nimtumie «mswada safi» aupeleke studio. Nilimtumia nakala safi, pamoja na picha ya karatasi yenyewe iliyojaa mikato, nikaandika chini yake kwamba mswada ni huu mweusi.