Ritani ya kodi iliyowasilishwa na mwizi kwa jina lako Marekani: taarifa ipi itangulie

"Ritani yangu imekataliwa, eti nambari yangu ya mlipakodi imeshatumika. Nisubiri IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, wamalizane na mwizi kwanza?"

Hapana. Ingawa imani hiyo ni ya siku nyingi, tarehe ya mwisho, ambayo kwa kawaida ni 15 Aprili, haisogezwi na wizi, na anayedaiwa kodi akikaa kimya adhabu humwangukia yeye.

Anza na sanduku lako la barua. Ukikuta barua ya IRS yenye alama 5071C, fuata maelekezo yake ya tovuti au simu, ueleze kwamba ritani ile si yako. Hapo Form 14039, yaani hati ya kiapo ya wizi wa utambulisho, haihitajiki. Ikiwa hakuna barua, na programu ya kuwasilisha ritani inaonyesha R0000-902-01, msimbo wa kukataliwa kwa sababu nambari imeshatumika, hakikisha kwanza kwamba hukukosea tarakimu na kwamba mwenzi wako hakuwasilisha ritani ya pamoja, kisha chapisha ritani yako, itie sahihi, ambatisha Form 14039 nyuma yake, uitume kwa posta.

Baada ya hapo omba IP PIN, nambari ya tarakimu sita inayobadilika kila mwaka, ambayo bila hiyo ritani ya kielektroniki yenye jina lako hukataliwa.