Kibao shingoni: jinsi kumbukumbu yako inavyogeuka data

"Nasoma shahada ya uzamili. Nataka kuandika juu ya yaliyonipata kidato cha kwanza, tulipotolewa kwenye Kiswahili na kuingizwa kwenye Kiingereza. Msimamizi wangu anasema, 'Hiyo ni hadithi yako, data iko wapi?' Je, mtu anaweza kujitafiti mwenyewe? Na nikisimama mbele ya jopo, nijitetee vipi?"

Anaweza, na njia hiyo inaitwa ethnografia ya nafsi: mtafiti anatumia maisha yake mwenyewe kuchunguza utamaduni au mfumo alioishi ndani yake. Lakini msimamizi wako ameuliza jambo la haki. Wanafunzi wengi wanaoanguka hapa huanguka kwa sababu wanajitetea kwa kusema "niliyaishi, kwa hiyo nayajua". Jibu hilo halijawahi kutosha, na ugomvi juu yake ulihusu watu wa kwetu.

Mwaka 1979 mwanaanthropolojia wa Marekani, David Hayano, aliandika makala iliyosaidia sana kulieneza jina la njia hii. Yeye mwenyewe aliwachunguza wacheza poka wa California huku akicheza nao meza moja. Katika makala hiyo anakumbuka semina ya London mwaka 1966, ambako mwanaanthropolojia Raymond Firth alisimulia kisa cha miaka ya 1930. Jomo Kenyatta, wakati huo mwanafunzi wa mwanaanthropolojia Bronislaw Malinowski, alikuwa akiwasilisha utafiti wake juu ya Wakikuyu, kabila lake. Mwanaakiolojia Louis Leakey akampinga, na wakaanza kupigiana kelele mbele ya watu. Leakey alikuwa mtoto wa wamisionari Waingereza, lakini alizaliwa Kabete mwaka 1903 na kukua akizungumza Kikuyu. Kila mmoja aliona ana haki ya kusema.

Kisa hiki nakipenda kwa sababu kinaonyesha kwamba kuzaliwa mahali hakumalizi ubishi. Wakikutana wawili wanaosema "mimi ni wa ndani", utaamuaje? Kenyatta mwenyewe alilijua hilo. Katika dibaji ya kitabu chake cha 1938 hakuishia kusema yeye ni Mkikuyu. Alieleza jambo moja baada ya jingine na jinsi alivyolijua. Mambo ya rika aliyajua kwa kushiriki na kuwa miongoni mwa viongozi wa rika lake. Mambo ya uganga aliyajua kwa sababu babu yake alikuwa mganga, naye alikuwa akifuatana naye safarini na kumbebea mkoba wa vifaa. Msomaji anaweza kukataa anachodai, lakini njia aliyoipita anaionyeshwa. Hapo ndipo utetezi wako unapoanzia: kwa kila dai, sema umelijuaje.

Tuchukue mfano wa kubuni, tumwite mwanafunzi huyo Neema. Amesoma shule ya msingi ya serikali Tanzania, miaka saba kwa Kiswahili, kisha Januari akaingia sekondari ambako karibu masomo yote isipokuwa Kiswahili yalifundishwa kwa Kiingereza. Anakumbuka kwamba wiki ya kwanza alikutwa akizungumza Kiswahili, akavishwa kibao cha mbao shingoni hadi jioni. Tangu siku hiyo, anavyokumbuka, akawa bubu darasani. Kibao kilimnyamazisha.

Kitu cha kwanza anachotakiwa kufanya ni kuandika anachokumbuka kabla ya kufungua sanduku la karatasi za zamani. Anaandika bila kupamba: alikaa wapi, nani alikuwa kushoto kwake, kibao kilikuwa na uzito gani. Anaweka tarehe ya siku anayoandika na haligusi tena andiko hilo. Mpangilio huu ni wa lazima, kwa sababu ukishaiona picha ya zamani, picha inakaa juu ya kumbukumbu na huwezi tena kuzitenganisha. Andiko hilo ndilo data yake ya kwanza, na ni data ya aina maalumu: linaonyesha jinsi Neema wa leo anavyoyaelewa yaliyompata. Bado halithibitishi kwamba mambo yalikwenda hivyo.

Baada ya hapo ndipo anafungua sanduku. Kuna madaftari, ripoti za muhula, na barua aliyomwandikia dada yake mwezi Juni. Katika barua hiyo anasema jana amevishwa kibao kwa mara ya kwanza, na analia kwa aibu. Juni! Miezi mitano baada ya alipoiweka kumbukumbu yake. Na ripoti ya muhula wa kwanza, iliyoandikwa kabla ya barua, tayari ina maneno ya mwalimu wa darasa kwamba msichana huyu hashiriki kabisa.

Mwanafunzi mwoga angeificha barua hiyo, au angerekebisha simulizi kimyakimya ili tarehe zilingane. Hilo ndilo kosa linaloua utafiti wa namna hii, na mtahini mzuri hulinusa, kwa sababu simulizi isiyo na mahali hata pamoja pa kugongana na ushahidi huwa imepigwa pasi. Neema anaviweka vyote viwili mezani. Kama ukimya ulitangulia kibao, basi kibao hakikuuleta. Hapo ana maswali mawili ambayo hakuwa nayo mwanzo: ukimya ulitoka wapi, na kwa nini kwa miaka yote hii kumbukumbu yake imekitwisha kibao lawama yote?

Anakwenda kuzungumza na wanafunzi watatu aliosoma nao. Wawili wanamweleza habari za adhabu, kama alivyotarajia. Wa tatu, aliyekuwa jirani yake wa dawati, anacheka na kumwambia, "Wewe bubu? Ulikuwa unaongea kutwa nzima! Ulikuwa unaninong'oneza jibu kwa Kiswahili, mimi nanyoosha mkono nasema kwa Kiingereza." Neema alikuwa amelisahau kabisa jambo hilo. Anarudi kwenye daftari la baiolojia na kukuta pembeni mwa kurasa miandiko miwili, maneno ya Kiswahili kwa mkono wake na ya Kiingereza kwa mkono wa mwenzake.

Sasa ana tokeo la utafiti. Kilichoonekana kwa mwalimu kuwa mwanafunzi mmoja mzembe na mmoja mwerevu kilikuwa ni kazi iliyogawanywa: mmoja anabeba maarifa, mwingine anabeba lugha. Mgawanyo huo ulifanya kazi darasani na ukavunjika kwenye mtihani, ambako kila mtu hukaa dawati lake. Kibao, kwa upande wake, kilikuwa na kazi nyingine katika kumbukumbu. Kilimpa sababu inayoonekana kwa macho, wakati aibu ya kujua jibu na kukosa maneno yake haikuwa na umbo la kuonyesha.

Hojaji ingelipata hili? Sidhani. Hojaji ingemuuliza kama alishiriki darasani mara chache au mara nyingi, naye angeweka alama kwenye "mara chache" kwa ukweli wake wote. Ili umuulize mtu juu ya kunong'ona dawatini ni lazima kwanza ujue kwamba kunong'ona kupo. Hilo ndilo dai la maarifa ambalo njia hii inaweza kulibeba: inaonyesha jinsi jambo linavyotendeka kwa ndani. Haiwezi kusema linatendeka kwa wanafunzi wangapi. Mtahini akiuliza, "Sampuli ya mtu mmoja inawakilisha nani?", Neema asijaribu kudai inawakilisha kidato cha kwanza chote. Aseme haiwakilishi idadi yoyote. Inafichua utaratibu ambao mtafiti mwingine anaweza kwenda kuusikiliza katika madawati ya nyuma ya shule nyingine, na akiukosa hapo, atakuwa amejifunza mipaka yake. Kama swali la utafiti wako linaanza na "wangapi", basi chagua njia nyingine tangu mwanzo.

Jopo huenda likakuuliza uko upande gani, maana wenye njia hii wenyewe hawakubaliani. Carolyn Ellis na Arthur Bochner wanataka simulizi imfikie msomaji moyoni, aishi nayo, na uchambuzi mzito kwao unaweza hata kuivunja nguvu. Leon Anderson, mwaka 2006, alitaka kitu kingine: mtafiti awe mwanajamii kamili wa kundi analolichunguza, ajichambue, aonekane waziwazi ndani ya maandishi, azungumze na watu wengine zaidi ya nafsi yake, na mwisho atoe mchango wa kinadharia. Kwa mwanafunzi ambaye idara yake haijaizoea njia hii, ningemshauri asimame na Anderson, na sababu yangu ni sharti lile la kuzungumza na wengine. Bila jirani wa dawati, Neema angeandika tasnifu nzima juu ya kibao, na ingekuwa na makosa.

Sharti hilo pia ndilo linalomjibu Sara Delamont, mkosoaji mkali ambaye ningependa kila mwanafunzi amsome kabla ya kuingia kwenye chumba cha utetezi. Mwaka 2007 alisema, pamoja na mengine, kwamba mtafiti analipwa atoke nje akusanye data, na kujitazama mwenyewe ni kuikimbia kazi hiyo. Alisema vilevile kwamba ni vigumu mno kuandika juu yako bila kuwadhuru walio karibu nawe. Hoja ya kwanza Neema anaijibu kwa barua, ripoti, daftari na usaili. Ya pili inamsumbua kweli, na inapaswa kumsumbua.

Jina lake liko kwenye jalada. Yeyote anayemfahamu anajua alisoma wapi, na shule ilikuwa na mwalimu mmoja tu wa baiolojia. Kumbadili mwalimu jina hakumfichi. Kusema "ni maisha yangu" hakumpi ruhusa, kwa kuwa mwalimu huyo hakukubali kuwa data ya mtu. Jirani wa dawati ametia saini fomu ya ridhaa na kusoma sura inayomhusu kabla haijakabidhiwa. Kwa mwalimu, Neema ana njia tatu: amtafute na kumwomba, abadili somo na jinsia yake na kusema waziwazi kwenye sura ya mbinu kwamba amebadili, au aiondoe sehemu hiyo. Haya yanaandikwa kwenye maombi ya kibali cha maadili kabla ya usaili wa kwanza, kwa sababu ridhaa ya kuombwa baada ya kuandika inamweka mtu mahali ambapo kukataa ni kumharibia mwenzake shahada.

Basi msimamizi akirudia swali lake, mpelekee jedwali la ukurasa mmoja lenye safu tatu: unachodai, umekijuaje, na nini kingekuonyesha kwamba umekosea. Mstari wa kwanza wa Neema ungesomeka: kibao kilininyamazisha, nakumbuka, niliandika tarehe fulani kabla ya kuona nyaraka, barua ya Juni na ripoti ya muhula wa kwanza zinakataa.