Saa 9 ya nani? Kugawana mzigo wa saa kati ya Kampala, Bunia, Leeds na Toronto

Ripoti ya robo mwaka ilipofika mezani kwangu Ntinda, jina la mwenzetu wa Bunia lilikuwa la mwisho kabisa. Wastani wake wa kujibu swali ulikuwa zaidi ya saa 9, wakati wenzake wa Toronto walikuwa chini ya saa 2. Makao makuu waliniuliza kama bado anafaa. Nilimjua kuwa ndiye hodari kuliko wote kwenye hesabu za riba, kwa hiyo nikakaa na ripoti ile jioni nzima nikifungua swali moja baada ya jingine.

Tuko watu wanane, na kazi yetu ni kuvihudumia vyama vya akiba na mikopo vinavyotumia programu ya hesabu ya kampuni moja ya nje. Wanne tuko Kampala, wawili wakienda ofisini na wawili wakifanyia kazi nyumbani. Mmoja yuko Bunia, mashariki mwa Kongo, mmoja Leeds, Uingereza, wawili Toronto, Kanada. Nimeratibu timu za namna hii kwa miaka kadhaa, na ninachoamini leo kilianzia kwenye ripoti ile.

Swali la kwanza nililofungua lilitumwa kutoka Toronto saa 9 na nusu alasiri ya kwao, mwezi wa Juni. Bunia iko nyuma yetu Kampala kwa saa moja, na Juni inaitangulia Toronto kwa saa 6. Kwa hiyo swali lilimfikia saa 3 na nusu usiku, keshafunga kompyuta. Alilifungua saa 2 asubuhi na saa 2 na dakika 40 jibu lilikuwa limekamilika. Mfumo uliandika muda wa saa 11 na dakika 10, ingawa yeye alilifanyia kazi dakika 40 tu. Mwenzake wa Toronto aliyepata swali la aina ileile asubuhi ya kwao akalijibu kabla ya chakula cha mchana aliandikiwa saa 2, akaonekana mwepesi mara tano na zaidi.

Dawa yake ni mpangilio mmoja ambao mifumo mingi ya kupokea maswali ya wateja inao, ila huachwa ulivyokuja: kila mtu awekewe kalenda yake ya kazi, yenye saa zake, siku zake na sikukuu za nchi yake, na muda wa kujibu uhesabiwe ndani ya saa hizo tu. Sikukuu zisisahaulike. Tarehe 3 Juni Uganda tunaadhimisha Siku ya Mashahidi, Toronto hawana habari nayo, na swali lililotumwa siku hiyo linahesabika kama limetelekezwa. Vivyo hivyo tarehe 30 Juni kwa Kongo na tarehe 1 Julai kwa Kanada. Tulipozirudia hesabu za robo ile kwa njia hii, mtu wa Bunia alitoka wa mwisho akawa wa pili. Niliandika barua kuomba tathmini yake ibadilishwe, na ilibadilishwa.

Kipimo hiki nacho kina mipaka yake. Hakimwoni anayechagua maswali mepesi na kuwaachia wenzake magumu. Ndiyo maana kila Ijumaa nachukua maswali matano ya kila mtu bila kuchagua na kuyasoma mwanzo hadi mwisho. Taa ya kijani ya kuonyesha nani yuko mtandaoni siitazami kabisa. Yuniti za Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, zikikuishia mchana taa hiyo inazimika, na haisemi lolote kuhusu kazi uliyofanya.

Sasa nije kwenye mkutano wa Jumanne. Ulipangwa na Toronto, saa 8 mchana ya kwao, kwa kuwa ndio muda uliokuwa wazi kwa bosi. Sisi Kampala tulikuwa tunaingia saa 3 usiku. Novemba Kanada waliporudisha saa nyuma, ukawa saa 4 usiku. Uganda haibadilishi saa mwaka mzima, na Bunia pia. Lakini kalenda hufuata ukanda wa saa wa aliyeandaa mkutano: ukiandikwa `America/Toronto`, wakisogeza wao nasi tunasogezwa. Ukiandikwa `Africa/Kampala`, wao ndio wanaosogezwa. Kwa hiyo chaguo hilo dogo kwenye fomu ya mkutano ndilo linaloamua nani ataamshwa na mabadiliko ya saa, na mara nyingi hakuna aliyekaa akalifikiria.

Hakuna aliyelalamika. Watu wetu hawalalamiki kwa anayewalipa. Nilichoona ni kwamba dada mmoja anayefanyia kazi nyumbani Kyaliwajjala alianza kuzima kamera, halafu akaacha kuchangia, halafu ikasemwa hana ari. Mtoto wake mchanga alikuwa analala chumba kilekile anachofanyia mkutano.

Nikaanza kuandika mzigo kwenye daftari. Mkutano ukiangukia saa zako za kazi, sifuri. Ukiwa asubuhi kabla ya kazi, kuanzia saa 12 hadi saa 2, au jioni kati ya saa 11 na saa 2 usiku, alama 1. Kuanzia saa 2 hadi saa 4 usiku, alama 2. Kuanzia saa 4 usiku hadi saa 12 alfajiri, alama 4. Mkutano ule wa Jumanne kwa wiki 13 za kiangazi cha Kanada ulimpa kila mtu wa Kampala alama 26, wa Bunia 26, wa Leeds 13, wa Toronto sifuri. Majira ya baridi mtu wa Kampala alifika 52 na Toronto ikabaki sifuri. Alama hizi nilizitunga mwenyewe, nawe unaweza kuzibadilisha. La maana ni ile safu ya sifuri, kwa sababu bosi alipoiona hakuhitaji maneno yangu mengi.

Na hapo ndipo tulipogundua kwamba hakuna aliyehitaji kuumia. Saa 2 asubuhi ya Toronto ni saa 9 alasiri Kampala wakati wa kiangazi chao, saa 8 mchana Bunia na saa 7 mchana Leeds. Wote tuko kazini. Dirisha hilo lina urefu wa saa mbili kiangazi, na majira ya baridi linabaki saa moja tu, kati ya saa 10 na saa 11 jioni kwetu. Ni dogo, kwa hiyo tumelilinda: mkutano wa Jumanne uko humo kwa dakika 45, na siku nyingine halipangiwi kitu isipokuwa mazungumzo ya watu wawili wanaohitajiana.

Dirisha kama hili halipo kila mahali. Tungekuwa na mtu Manila, saa 2 asubuhi ya Toronto ingekuwa saa 2 usiku kwake wakati wa kiangazi na saa 3 usiku majira ya baridi. Ukifika hapo, zungusha: wiki nyingine mkutano uwe asubuhi ya Kampala, na Toronto walale, wasome kumbukumbu wakiamka. Kumwamsha mtu saa 9 usiku kwa jina la usawa ni kosa lilelile, limehamishiwa tu upande wa pili.

Tulipohamia muda mpya tukapata aibu ndogo. Niliandika kwenye kundi, «Jumanne saa 9». Mwenzetu wa Bunia amezoea kuhesabu kama Wafaransa, saa kama inavyosomeka kwenye uso wa saa. Akaingia asubuhi, akangoja peke yake karibu nusu saa, akadhani tumeahirisha bila kumwambia. Tangu siku hiyo tunaandika tarakimu nne na jina la mji: 15:00 Kampala, 14:00 Bunia, 13:00 Leeds, 08:00 Toronto. Mdomoni kila mtu aseme atakavyo.

Muda ukishakaa sawa, kinachobaki ni makabidhiano, kwa sababu sisi tukifunga saa 11 jioni Toronto bado wana siku karibu nzima mbele yao. Zamani ujumbe wa mwisho wa siku ulikuwa hivi: «Suala la chama cha Arua bado, naendelea kesho.» Mtu wa Toronto hawezi kufanya lolote na sentensi hiyo. Huu hapa ni ujumbe wa kweli wa miezi ya karibuni, nimeondoa majina tu:

«Chama cha Arua: riba ya Mei imejumlishwa mara mbili kwa wanachama 14. Nimesahihisha 9, wamebaki 5, orodha iko kwenye tiketi. Msiguse jedwali la adhabu, meneja hajaidhinisha. Naomba Toronto waangalie kwa nini hesabu ya usiku ilijirudia tarehe 31. Narudi 08:00 Kampala.»

Humo mna kilichofanyika kwa idadi, kilichobaki, kilichokatazwa, kinachoombwa na kwa nani, na saa ya kurudi. Kuuandika kunachukua kama dakika kumi, na dakika hizo ni sehemu ya siku ya kazi, haziongezwi baada yake. Ujumbe ukiwa mbovu utaujua asubuhi: kitu cha kwanza kutoka Toronto kitakuwa swali badala ya jibu. Nikiona maswali mawili ya namna hiyo kwa wiki, nakaa na mwandishi tuusome pamoja.

Waliosumbua zaidi kwenye makabidhiano, nakiri, walikuwa wawili wetu wa ofisini. Siku moja wakiwa kwenye matoke ya mchana waliamua kubadilisha namna ya kukadiria senti za riba kwenye ripoti. Yule dada wa Kyaliwajjala akaendelea na namna ya zamani hadi jioni, kazi ya saa tano ikatupwa. Sasa uamuzi ambao haujaandikwa kwenye kundi hauna nguvu, na aliyefuata ule wa zamani halaumiwi.

Dharura za usiku bado zipo, kwa mfano chama kinapofunga hesabu za mwaka na mfumo unagoma. Kwa hizo tuna zamu, mtu mmoja kwa wiki, na anayeamshwa analipwa. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inaweka kikomo cha saa 48 kwa wiki, na saa za ziada hulipwa angalau mara moja na nusu siku za kawaida, mara mbili siku za sikukuu. Lakini hiyo inamlinda mwajiriwa. Wengi wanaofanyia kampuni za nje wako kwenye mikataba ya kujitegemea, na kama malipo ya usiku hayajaandikwa humo, hayapo. Mimi yangu niliyaandikisha nilipohuisha mkataba, na nikawaombea wenzangu wote sentensi ileile. Wa Bunia alikuwa wa kwanza kuisaini.